Nyumba iliyopotea nyuma ya minazi: uchambuzi wa picha mbili za Luchelele

Mteja alikuwa mama mfanyabiashara wa hapa Mwanza, mwenye kiwanja kinachoshuka kuelekea ziwani upande wa Luchelele. Alitaka nyumba ya wageni ya vyumba 18, ghorofa mbili juu ya ile ya chini, na picha mbili za 3D za kupeleka benki: moja ikitazama jengo kutoka bustani ya chini upande wa ziwa, nyingine kutoka barabarani. Picha zilipofika kwenye simu yake aliziangalia, akazikuza kwa vidole, kisha akamwambia kijana aliyezitengeneza, "Mwanangu, ni nzuri. Ila nyumba yangu iko wapi?"

Kijana hakuwa mvivu. Miti ilikuwa ya ubora wa juu, maji yalimetameta, watu walikuwa wengi na magari yaling'aa. Tatizo lilikuwa kwamba kila kilichoongezwa kilishindana na jengo, na vingi vilishinda. Nilipewa mafaili nisaidie kuzirudia, na ninayoeleza hapa ni yale tuliyokuta na tuliyofanya, hasa kwenye picha ya upande wa ziwa, maana ndiyo iliyokuwa na kazi.

Kwanza jengo lenyewe, kwa sababu bila kulijua huwezi kusema kipi kinalificha. Uso wake una urefu wa mita 26 na unatazama magharibi. Kiwanja kina mawe makubwa ya matale kama vilima vyote vya Mwanza, na msanifu hakuyapasua. Aliacha mawili makubwa mbele, akapitisha ngazi katikati yake, akajenga ukuta wa msingi wa mawe unaokaa moja kwa moja juu ya mwamba. Ngazi ni 16, kila moja sentimita 15, na zinakufikisha kwenye baraza ndefu inayotazama ziwa. Ukiondoa hayo, yaani mwamba, ngazi na baraza, linabaki jengo la kawaida lenye madirisha. Thamani yote ya usanifu huu iko kwenye mita nne za chini, pale jengo linapokutana na ardhi. Na hapo hapo ndipo kijana alipopanda minazi 14.

Ni rahisi kuelewa ilivyotokea. Mtu akimaliza jengo kwenye programu, sehemu ya chini huonekana tupu na kavu, na mkono unakimbilia kuijaza. Miti hupandwa mbele ya ukuta, maua chini ya miti, watu mbele ya maua. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote tulizima leya zote za miti, watu na magari, tukarenda jengo likiwa jeupe kama la udongo, lenye vivuli tu. Picha hiyo tukaichapa kwenye karatasi ya A3, na nikamwomba msanifu mwenyewe achukue kalamu nyekundu azungushie sehemu ambazo zikifunikwa atakasirika. Alizungushia nne tu: mstari wote ambapo ukuta wa mawe unakaa juu ya mwamba, ngazi kuanzia chini hadi juu, pembe ya kulia ya jengo ambapo baraza inageuka, na ukingo wa paa dhidi ya anga. Karatasi ile ikabandikwa juu ya meza. Kilichobaki nje ya wino mwekundu kilikuwa sehemu kubwa ya picha, na huko ndiko tulikokuwa huru.

Minazi iliondoka yote. Sababu ya kwanza ni kwamba ilikaa kwenye wino mwekundu. Ya pili ni kwamba Mwanza si Pangani. Mnazi ni mti wa pwani ya bahari, na mtu wa hapa akiiona 14 kwenye kilima cha matale anajua mara moja kwamba picha imetoka kwenye maktaba ya programu, wala si kwenye kiwanja. Halafu yote ilikuwa mnazi mmoja ulionakiliwa, umegeuzwa upande uleule, na kimo kilekile. Jicho hugundua marudio hayo hata kama mwenye jicho hawezi kusema amegundua nini.

Kilichochukua nafasi yake kilitoka kwenye ramani ya upimaji. Ramani ilionyesha miembe miwili mikubwa ndani ya kiwanja na mkuyu mmoja chini kabisa kwenye ukanda wa ufukwe. Hiyo ni miti iliyopo, na itaendelea kuwapo, hivyo inaingia kwenye picha kabla ya mti wowote wa kubuni. Hapo tukapata shida ya kweli. Mwembe mmoja ulisimama mita 12 tu mbele ya kamera, na jengo lilikuwa mita 30. Picha yetu ilikuwa na upana wa pikseli 3,840 na kamera ilifungua pembe ya nyuzi 60. Kwa vipimo hivyo, mita moja ya kitu kilicho umbali wa mita 12 inachukua kama pikseli 277. Majani ya mwembe ule yalitanda kwa upana wa mita 8, kwa hiyo mti peke yake ulikuwa unakula pikseli 2,200, zaidi ya nusu ya picha.

Kijana alipendekeza tuufute. "Si tunaweza kuuficha leya yake tu, kaka?" Nilikataa, na ningekataa tena. Mti ambao upo na hautakatwa ukiufuta kwenye picha unamwonyesha mwenye kiwanja nyumba ambayo hataiona akisimama pale. Dawa ni kuhamisha kamera. Tuliisogeza mita 6 kulia, upande wa kusini, na kuigeuza kidogo kuelekea kaskazini. Kitu kilicho karibu hukimbia haraka kuliko kilicho mbali unaposogea pembeni, hivyo mwembe uliteleza hadi ukingo wa kushoto wa picha huku jengo likisogea kidogo tu. Sasa ilibaki sehemu ya majani inayoning'inia juu kushoto, na shina likawa nje ya picha. Kilichokuwa kizuizi kikawa fremu, na bila kutunga chochote.

Miti mipya iliyopendekezwa na mchoro wa bustani tuliipanda pembeni na nyuma ya jengo. Kwa ile michache iliyolazimika kuwa mbele tulichagua yenye shina jembamba na majani yanayoanzia juu ya mita tatu, ili ukuta wa mawe uonekane chini yake. Kila mti uligeuzwa upande wake, na vimo vilipishana kwa kati ya asilimia 10 na 20. Chini ya ukuta, kwenye ule mstari mwekundu, hatukuruhusu mmea wowote unaozidi sentimita 40. Na hata huo haukuwa mfululizo. Mwamba wa matale haukutani na nyasi kama zulia linavyokutana na ukuta. Kwenye picha ya kwanza majani mabichi yalipanda hadi juu ya jiwe kwa usawa mmoja, na jiwe likaonekana la plastiki. Tulirudisha nyasi nyuma kwa nusu mita kuzunguka kila jiwe, tukaweka udongo mwekundu, changarawe, majani makavu na mikonge miwili mitatu kwenye nyufa. Kazi hiyo ndogo ilifanya mwamba uwe mwamba kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Kuna jambo moja la ufukwe ambalo si la urembo. Picha ya kwanza ilikuwa na ukingo wa mbele wenye miavuli, vitanda vya jua na sakafu ya mbao inayofika majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ukipeleka benki picha yenye sakafu ya mbao ndani ya ukanda huo umemkabidhi ofisa wa mikopo swali ambalo mteja hana jibu lake. Tuliweka kamera kwenye mpaka wa ukanda huo, mgongo ukiwa ziwani, na ukanda wenyewe ukabaki na mkuyu wake na matete kama ulivyo. Katika picha hii hauonekani kabisa. Mteja alitaka ziwa lionekane, na kijana alikuwa amelitii ombi hilo kwa kubandika picha ya maji nyuma ya paa. Lakini nyuma ya paa ni mashariki, na mashariki kuna kilima na nyumba za majirani. Ziwa lilikuwa limehamia mlimani. Tulimweleza mama kwamba ziwa litaonekana kwenye kioo cha baraza kama mwangwi wa anga na maji, na kama anataka maji yenyewe itabidi ipigwe picha ya tatu kutoka barazani. Alikubali, na nyuma ya paa tukarudisha kilima chake.

Sasa watu. Picha ya kwanza ilikuwa na 27, wengi wao picha zilizokatwa kutoka mtandaoni na kubandikwa kwenye Photoshop. Baadhi walikuwa wamevaa makoti mazito na skafu. Hilo lilichekesha, lakini halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa lilikuwa kimo chao, na lilijificha vizuri.

Wengi wamefundishwa kanuni moja ya kuweka watu: kamera ikiwa kwenye kimo cha macho, mita 1.6 hivi, vichwa vya watu wote waliosimama vinakaa karibu na mstari wa upeo, wawe karibu au mbali. Kanuni ni ya kweli, mradi ardhi iwe tambarare. Luchelele si tambarare, na kwa kweli sehemu kubwa ya Mwanza si tambarare. Kutoka kamera hadi chini ya ngazi ardhi inapanda mita 1.2. Ukisimama pale chini ya ngazi, nyayo zako ziko sentimita 40 tu chini ya usawa wa kamera, na kichwa chako kiko juu sana ya upeo. Kijana aliona kwamba kuvipanga vichwa kwenye upeo kunaleta watu vibeti, basi akawakuza kwa kukadiria mpaka jicho lake likaridhika. Waliishia na pikseli 130.

Hesabu ilikuwa hivi. Umbali wa mita 30, kwa kamera ile, mita moja ni kama pikseli 110. Mtu wa mita 1.68 anatakiwa awe pikseli 185. Wale wa pikseli 130 walikuwa na mita 1.18, yaani kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, lakini wana ndevu na mikoba ya ofisini. Kwa mtazamaji asiyejua hesabu, kinachotokea ni kwamba anaamini watu na kulikosea jengo: analiona refu kwa karibu mara moja na nusu kuliko lilivyo, na baraza ya starehe inageuka kuwa ukumbi wa serikali. Mama akija kujenga ataona nyumba yake imepungua.

Namna ya kugundua bila hesabu ni kutafuta kitu cha jengo kilicho jirani na mtu huyo ambacho kimo chake unakijua. Reli ya ngazi hapa ni mita 1.1. Kwa mtu mzima inapaswa kufika juu kidogo ya kiwiko. Kwenye picha ya kwanza ilikuwa inawafika karibu na macho. Mlango wa mita 2.1 nao husaidia: mtu aliyesimama kwenye kizingiti abakize nafasi ya sentimita 40 hivi juu ya kichwa, asiwe na nafasi ya kupitisha mtu mwingine mabegani.

Badala ya kukadiria tena, tulirudi kwenye SketchUp, programu lilimochorwa jengo, tukachora maboksi membamba ya kimo cha mita 1.68, tukayasimamisha kila mahali tulipotaka mtu: chini ya ngazi, katikati ya ngazi, barazani, kwenye njia ya bustani. Tukarenda maboksi hayo peke yake kwa kamera ileile, na picha yake ikawa leya ya kupimia ndani ya Photoshop. Kila mtu aliyebandikwa alikuzwa hadi alingane na boksi lake, nyayo kwa nyayo, kisha leya ya maboksi ikazimwa. Barazani, umbali wa mita 35, boksi lilitoka pikseli 160, na hakuna aliyehitaji kukisia. Kwenye ngazi zenyewe hatukubandika mtu aliyekatwa hata mmoja. Kivuli cha mtu kikianguka kwenye ngazi kinavunjika kila hatua, na kukichora kwa mkono ni mateso yanayoonekana. Hapo tuliweka watu wa 3D ndani ya Lumion, programu ya kurendea, ambao huja na kimo chao halisi, wakapata vivuli vyao wenyewe.

Walibaki 9. Mama mwenye kitenge anapanda ngazi na mtoto mkononi, wamefika hatua ya tano, na wanatuonyesha migongo. Hao wawili ndio wanaoeleza ngazi: upana wake, mwinuko wake, na inakokwenda. Mhudumu amebeba sinia barazani. Wawili wamekaa kwenye meza, wanaonekana kuanzia kifuani. Wengine watatu wako mbali kidogo kwenye njia ya bustani, wamesimama pamoja wakizungumza, na mmoja, mtunza bustani, ameinama pembeni kushoto chini ya kivuli cha mwembe. Hakuna anayeitazama kamera, kwa sababu uso unaokutazama unakuita, na ukiitika umeacha kuangalia jengo. Mteja aliuliza kwa nini wageni ni wachache hivyo, watu wa benki si watadhani hakuna biashara? Swali la haki. Tuliongeza taa ndani ya vyumba vitatu na pazia lililofunguliwa nusu, na hapo nyumba ikawa na wageni bila kuongeza hata mtu mmoja mbele ya ukuta.

Mwanga ulikuwa na hadithi yake. Vivuli vya picha ya kwanza vilionyesha jua la alasiri likiwa kusini ya magharibi, na faili lilisema mwezi ni Julai. Haiwezekani. Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini ya ikweta, na mwezi Julai jua hukaa upande wa kaskazini mchana kutwa. Tulipofungua mipangilio ya vivuli tukakuta eneo halikuwekwa, na SketchUp isipopewa eneo hukuchukulia kuwa uko Boulder, Colorado, Marekani. Tukaweka Mwanza na saa za UTC+3. Hapo kuna jambo la kukumbuka: saa zetu za Afrika Mashariki hufuata longitudo ya 45, na Mwanza iko karibu na 33, kwa hiyo jua linafika kilele chake si saa sita kamili bali karibu saa saba kasoro dakika kumi. Ukipanga kivuli kwa mazoea ya Dar es Salaam utakuwa umekosea kidogo.

Kwa Julai, saa 10 alasiri, jua liko nyuzi 39 hivi juu ya upeo, magharibi kuelekea kaskazini kwa nyuzi 30. Mtu wa mita 1.68 anatoa kivuli cha mita 2. Kwa kamera yetu, kivuli kinaanguka nyuma ya mtu kuelekea kulia, na kivuli cha mwembe kinatambaa juu ya nyasi za mbele lakini hakifiki ngazini. Hicho ndicho tulichotaka: sehemu ya mbele ina giza kidogo, ngazi na ukuta vimewaka. Watu wote waliokatwa walikaguliwa mmoja mmoja, na aliyepigwa mwanga kutoka kulia aligeuzwa kama kwenye kioo, isipokuwa mwenye maandishi kwenye fulana, ambaye alitupwa. Kisha kila mmoja akapata weusi mwembamba palepale kiatu kinapogusa ardhi, kwa leya ya Multiply, inayotia giza kilicho chini yake. Bila weusi huo mtu anaelea hata kama kivuli chake kirefu kiko sahihi.

Mwezi huo pia ukaamua rangi ya bustani. Julai ni kiangazi, nyasi za Mwanza zinaanza kuwa na manjano, na mkrismasi hauna maua. Kijana alipenda ule wekundu wake na alitaka abakize mmoja. Ningeweza kumkubalia kama tungehamia Desemba, wakati unapochanua, ila basi jua lingehamia kusini ya magharibi na pembe ya kulia ya baraza ingepoteza kivuli kilichoifanya ionekane imegeuka. Alichagua pembe. Bogenvilia tuliiacha, lakini tuliipeleka mbali na kona na kupunguza ukali wa rangi yake. Wekundu pekee wenye nguvu uliobaki ni kitenge cha yule mama kwenye ngazi.

Picha ya barabarani ilikuwa nyepesi zaidi, na shida yake ilikuwa magari. Uso huo unatazama mashariki, una mapokezi na ukuta wa matofali yenye matundu unaopitisha hewa, ambao msanifu aliujali sana. Mbele yake kijana aliegesha magari mawili makubwa meupe kwa ubavu. Gari la aina ile lina kimo cha karibu mita 1.9, hivyo mawili yakisimama kwa ubavu yanafunika mlango wa mapokezi karibu wote pamoja na matundu ya chini. Tena hayakuwa na ukubwa wa kweli. Moja lilikuwa na sura ya Prado, na tulipolipima kwa zana ya Tape Measure likatoa mita 5.7, wakati Prado halisi haifiki mita 5. Modeli za kupakua mtandaoni hazina dhamana, kila gari lipimwe kabla halijaingia. Likizidi kiasi hicho geti la mita 4 huonekana jembamba, na mteja anaanza kudai lipanuliwe bila sababu.

Kulikuwa pia na teksi ya njano ya filamu za New York, usukani kushoto, ikija upande wa kulia wa barabara. Tanzania tunaendesha kushoto na usukani uko kulia. Gari lenye usukani wa kushoto unaweza kuligeuza kama kioo, lakini namba na nembo zitageuka nazo, kwa hiyo bamba lirekebishwe: la gari binafsi hapa ni la njano lenye maandishi meusi, na ni busara herufi zisisomeke, usije ukamwekea mtu namba yake.

Tuliacha vyombo vitatu. IST ya rangi ya fedha iliegeshwa mbele ya sehemu ya ukuta isiyo na kitu, nusu yake nyuma ya ua mfupi wa maua. Ina kimo cha mita 1.5 tu, na paa lake halikugusa dirisha lolote. Bajaji imesimama mita kadhaa kabla ya mlango, pua ikielekea mlangoni, abiria anashuka na begi. Bajaji ni nzuri kwa kazi hii: ina urefu wa mita 2.6 hivi, pande zake ziko wazi, na unaliona jengo kupitia ndani yake. Cha tatu ni bodaboda inayopita barabarani ukingoni mwa picha, imefifishwa kwa mwendo ili isisomwe sana. Vioo vya IST tulivifanya vipitishe mwanga, maana gari lenye vioo vyeusi kabisa huonekana kama la kuchezea.

Kabla ya kumrudishia mama tulizipunguza picha zote mbili hadi upana wa kidole gumba kwenye skrini, kwa kuwa alikuwa anazitazama WhatsApp, na watu wa benki huenda nao wangefanya hivyo. Kisha tukazitoa rangi zote, zikabaki nyeusi na nyeupe. Katika ile ya kwanza ya kijana, kitu cheupe kuliko vyote kilikuwa boneti ya gari. Katika mpya ya upande wa ziwa ilikuwa hatua za ngazi, na tofauti kali kuliko zote ya giza na mwanga ilikuwa mahali ukuta unapokaa juu ya jiwe. Katika ile ya barabarani bado IST iling'aa mno kwenye kioo cha mbele, na kijana akaishusha hadi matundu ya matofali yakaishinda.

Mafaili yalitoka kwa matoleo mawili: lenye miti, watu na vyombo kwa ajili ya benki, na lenye miti iliyopo tu kwa ajili ya msanifu. Chini ya lile la kwanza tuliandika kwamba bustani inaonyeshwa ikiwa na umri wa miaka mitano, kwa sababu siku ya kukabidhi miche itakuwa inamfika mtu kiunoni.

Hayo ya miaka mitano yakaleta jambo ambalo halikuwa letu. Mmoja wa miti mipya, uliochorwa kwenye mpango wa bustani karibu na pembe ya kulia, ulipokuzwa hadi kimo hicho uliingia ndani ya wino mwekundu. Tungeweza kuupogoa kwenye picha. Nilimpigia msanifu, akafungua mchoro wake, akakuta mti ule ungeziba pia dirisha la chumba cha mwisho cha ghorofa ya kwanza. Aliuhamisha mita 2.5 kusini kwenye mpango wenyewe, akatutumia mchoro mpya, nasi tukarenda upya kwa kuufuata.